Maombi Yasimcheleweshe Mtoto: Mwongozo wa Kufundisha Kanisa Linaloogopa Hospitali

Mwongozo huu nimewaandikia wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya maombezi wanaohudumu huku kwetu Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwani, mahali ambapo mtoto akishikwa na homa usiku simu ya kwanza humfikia mchungaji kabla ya mganga mfawidhi wa zahanati. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Magonjwa ni mengi, ila somo hili nimelifunga kwenye jambo moja: homa ya mtoto mdogo na degedege. Hapo ndipo saa chache huamua, na hapo ndipo hofu ya hospitali ilipojichimbia.

Niseme mapema kilichonifanya nianze kulifundisha. Usiku mmoja tuliitwa kwenye nyumba iliyo karibu na maji. Mtoto wa miaka minne, mwili unawaka, macho yamegeuka juu, taya zimebana. Tuliomba kuanzia saa 5 usiku. Hakuna aliyesinzia, na sidhani kama kulikuwa na mtu asiye na imani mle ndani. Saa 12 asubuhi baba yake aliporudi kutoka ziwani alimnyanyua, tukaongozana naye hospitali. Mtoto hakufa. Alikaa wodini siku tisa, akarudi nyumbani akiburuta mguu wa kulia, na anauburuta mpaka leo. Malaria ikipanda kichwani inaweza kuacha alama ya namna hiyo. Katika maombi yale sijutii hata neno moja. Ninachojutia ni kwamba tuliyafanyia sebuleni kwa saa saba, wakati yote yangeweza kufanyika njiani.

Basi shina la somo ni hili: maombi hayana mahali, dawa ina mahali. Mungu anasikia sebuleni, anasikia juu ya bodaboda, anasikia kwenye benchi la wodi ya watoto. Lakini sindano ya malaria kali haiji sebuleni. Kwa hiyo kinachohama ni maombi, yamfuate mtoto anakopelekwa.

Wiki ya kwanza: usihubiri, sikiliza

Kosa la kwanza linalofanywa na viongozi wengi ni kusimama madhabahuni na kuwaambia watu waende hospitali. Watu wanaitikia amina, wanarudi nyumbani, na usiku wa homa wanafanya kama walivyozoea. Hofu isiyotajwa haijibiwi.

Anza Jumatano, kwenye ibada ya katikati ya wiki au kwenye seli za nyumbani, watu wasiozidi kumi na watano. Uliza swali moja tu: "Nani hapa alikwenda hospitali na mgonjwa, akarudi na jeraha moyoni?" Kisha nyamaza. Mwambie mtu mmoja aandike. Utasikia mambo mengi, ila ukiyachambua yataangukia kwenye mafungu manne. Wengine watasema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Wengine watasema walipimwa na hawakuonekana na kitu, wakajua ni mkono wa mtu. Wengine watakutajia andiko, mara nyingi la mfalme Asa. Na wengine, baada ya kusitasita, watasema walisemwa mbele za watu na hawakuwa na hela.

Hili la mwisho huwa halina mjadala wa kiroho ndani yake, kwa hiyo nilimalize hapa. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenye kituo ambacho sitakitaja. Alikuwa ametoka kuanika dagaa, kanga yake inanuka, na mhudumu alimfokea mbele ya foleni nzima kuhusu usafi wa mtoto kabla hata hajauliza mtoto ana nini. Mama yule aliniambia tukiwa nje, "Mzee, bora niombewe, Mungu hanifokei." Sikuwa na cha kumjibu. Tangu hapo kanisa letu lina utaratibu: mama haendi na mgonjwa peke yake. Anakwenda na mtu mmoja aliyepangwa na kanisa, mwenye sauti ya upole na asiyeogopa kuuliza maswali, ambaye ndiye atakayeongea dirishani. Kuhusu hela, waumini wajue kwamba kwa sera ya nchi mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Lakini nauli hailipwi na sera, na kuna siku dawa huwa imeisha dirishani ikabidi inunuliwe nje. Tengeni kopo la wagonjwa, lenye mtunza hazina wake, na pesa yake isichukuliwe kwa kazi ya kupaka rangi kanisa. Iwe inapatikana hata saa 8 za usiku.

Wiki ya pili: wafalme wawili wa Yuda

Andiko la Asa usilikwepe. Ndilo lililokaa vichwani mwa watu, na ukilikwepa wataona umeshindwa. Mwambie yule yule mwenye shaka alisome yeye mwenyewe kwa sauti: Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 16, mstari wa 12. Asa aliugua miguu, ugonjwa ukamzidi, na katika ugonjwa ule hakumtafuta Bwana bali waganga.

Sasa mwambie aanze tena kusoma, safari hii tangu mwanzo wa sura. Hapo kanisa litamwona Asa akichota fedha na dhahabu kwenye nyumba ya Bwana na kuipeleka kwa mfalme wa Shamu ili amsaidie vitani. Nabii alipomkemea, alimtia gerezani. Mtu aliyeanza kuugua miguu alikuwa amekwisha kuugua moyo. Mstari haumlaumu kwa sababu tabibu aliingia nyumbani mwake. Unamlaumu kwa sababu hata kitandani hakugeuka kumwita Mungu wake.

Usiishie hapo, maana mtu anaweza kusema hayo ni maelezo yako tu. Weka mfalme wa pili kando ya wa kwanza. Fungua Wafalme wa Pili sura ya 20. Hezekia anaumwa kufa. Anageuza uso ukutani, anaomba, analia. Kabla Isaya hajafika ua wa katikati, Mungu anamrudisha na ahadi: nimesikia, nitakuponya, nakuongezea miaka 15. Hapo simama, uliza kanisa: "Je, baada ya ahadi hiyo kulihitajika kitu kingine?" Waache wajibu. Wengi husema hapana. Kisha msome mstari wa 7, pale Isaya anapoagiza waletewe mkate wa tini, wauweke juu ya jipu.

Tini zilikuwa dawa ya siku zile. Na zingatia mpangilio wake, kwa maana ndio unaogusa hoja ya wanaosema hospitali ni kukosa imani: ahadi ilitangulia, tini zikafuata. Tena aliyeziagiza ni nabii yule yule aliyeileta ahadi. Nimefundisha hili mara nyingi, na hapa ndipo chumba hunyamaza.

Watakukumbusha pia mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya. Kubali. Imeandikwa hivyo, na wapo kwenye viti vyenu waliouza ng'ombe wakarudi bila nafuu. Tiba ina mipaka, na anayewaambia waumini kwamba hospitali inaponya kila kitu atashindwa kabla ya mwezi kuisha. Ila onyesha kwamba Bwana hakumkemea mama yule kwa kwenda kwa matabibu.

Kiswahili chenyewe kitakusaidia hapa. Tuna kutibu na tuna kuponya, na ni maneno mawili. Hata wauguzi wetu husema, "Sisi tunatibu, Mungu anaponya." Muumini aliyezoea kusema Bwana ndiye mponyaji hana haja ya kuliacha neno hilo mlangoni mwa zahanati. Tatizo letu jingine ni neno mganga, kwa kuwa tunamwita hivyo Mganga Mkuu wa Mkoa na tunamwita hivyo mpiga ramli. Mzee aliyeonywa tangu ujana asikanyage kwa mganga anaweza kweli kuchanganya. Mweleze waziwazi: aliyesomea mwili, anayepima damu na kuandika dawa kwenye kadi, siye yule anayeuliza ugomvi wako na jirani.

Kuhusu sindano na degedege

Imani hii ya sindano ina miaka mingi, na walio nayo si wajinga. Waliona kwa macho yao. Mtoto alipata degedege, akapelekwa hospitali, akachomwa sindano, akafa. Ukiwaambia hawakuona, unawaita waongo.

Kinachohitajika ni kurudisha saa nyuma. Uliza wale wanaokumbuka kisa kama hicho: homa ilianza lini? Nani aliitwa kwanza? Alifukizwa? Alipakwa nini? Alifika hospitali siku ya ngapi? Karibu kila mara utapata siku mbili au tatu za nyumbani kabla ya sindano. Sindano ilikuwa kitu cha mwisho kugusa mtoto aliyekuwa tayari anaondoka, ikabebeshwa lawama. Huku kwetu naeleza hivi: mtu anazama, watu wamesimama ufukweni wanabishana, mwishowe mmoja anapiga mbizi na kumtoa akiwa ameshakata roho. Je, tutasema aliyepiga mbizi ndiye aliyemzamisha?

Kisha eleza degedege ni nini, kwa maneno machache. Ni mtikisiko wa mwili unaotoka kwenye ubongo. Kwa mtoto mdogo unaweza kuletwa na homa yenyewe ikipanda, na mara nyingi huo hupita bila madhara. Lakini unaweza pia kuletwa na malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo, au na sukari kushuka sana kwenye damu. Kwa kumtazama tu, wewe wala mimi wala nabii hatuwezi kujua ni ipi. Ndiyo maana kila mtoto aliyepata degedege anapelekwa kupimwa, hata kama limeisha na anacheka.

Kipimo, na lile neno "hawakuona kitu"

Somo hili usilifundishe peke yako. Mwalike muuguzi au tabibu kutoka kituo cha karibu, na kama kanisani yumo muumini mwenye taaluma hiyo ni vizuri zaidi. Mwombe aje na kipimo cha haraka cha malaria, akifanye mbele ya watu, kwa kidole cha mchungaji. Nasema cha mchungaji kwa makusudi. Tone dogo la damu linawekwa kwenye kitundu, linaongezwa tone la maji ya kipimo, halafu mnasubiri dakika 15 hadi 20. Katika dakika hizo mwimbe wimbo mmoja na muombe. Mstari mmoja wa juu unaonyesha kipimo kinafanya kazi. Ukitokea na wa pili, vijidudu vya malaria vimeonekana.

Sasa gusa jambo ambalo limepeleka familia nyingi kwa wapiga ramli. Mtoto amepimwa, mstari wa pili haukutokea, mama anarudi nyumbani na kusema "hawakuona kitu". Jirani anamalizia: basi ni kitu. Hapana. Kipimo kile kiliulizwa swali moja, kama kuna malaria, kikajibu hakuna. Hakikuulizwa kuhusu mapafu, wala mkojo, wala masikio, wala uti wa mgongo. Yule msindikizaji wa kanisa afundishwe kuuliza dirishani: "Kama si malaria, homa hii inatoka wapi?" Na kama mtoto anapumua kwa haraka au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, aseme hivyo kwa sauti kabla hajaulizwa, maana hiyo inaweza kuwa nimonia.

Usiku wenyewe

Hapa ninatumia mfano nilioujenga kutokana na nyakati kadhaa tulizopitia. Usome na kikundi chako cha maombezi, mkisimama kila hatua.

Mtoto ana miaka mitatu, kilo 12, anaishi Igombe. Jumatatu jioni mwili umechemka. Mama amempa dawa ya kushusha homa, imeshuka, wamelala. Jumanne asubuhi anacheza. Hapa ndipo kosa la kwanza lilipo, na halina kelele: homa iliyoshuka kwa dawa ya homa haijaondoa kilichoileta. Jumanne hiyo hiyo alipaswa kupimwa. Zahanati ilikuwa wazi, na mama alipita mbele yake akienda mwaloni.

Jumanne usiku, saa 7, mtoto anakakamaa na kutikisika. Mwezi haujatoka, baba yuko ziwani kwenye dagaa. Mama anampigia mzee wa kanisa.

Mzee akipokea simu, asianze kuomba wala asiseme "nakuja". Aseme: mlaze ubavu, chini, mbali na moto na karai la maji. Legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala mafuta, wala maji. Tazama saa. Kitu chochote kinachoingia mdomoni mwa mtoto aliyekakamaa kinaweza kwenda kwenye mapafu. Nalisisitiza hili kwa ajili ya mafuta ya upako na maji ya maombi. Yakobo anasema apakwe mafuta, hasemi anyweshwe. Tone moja kwenye paji la uso latosha, na linaweza kusubiri mtikisiko uishe. Wala asifukizwe kwa chochote. Mtoto anahitaji hewa.

Simu ya pili ya mzee ni kwa dereva wa bodaboda au bajaji ambaye kanisa limekwisha kupatana naye. Namba yake iandikwe kwa kalamu nene kwenye mlango wa ofisi ya kanisa na kwenye simu za wazee wote. Simu ya tatu ni kwa mtu wa kopo. Simu ya nne ni kwa waombaji, na hawa hawaji nyumbani kwa mtoto. Wanaamkia kwao, au wanakutana kanisani. Nyumba iliyojaa watu ishirini wanaoimba huwa ngumu kutoka. Mama anaona aibu kuondoka katikati ya maombi. Nimeliona hilo, na ndilo lililotushika ule usiku niliousimulia.

Mtikisiko unaisha baada ya kama dakika nne. Mtoto amelegea, haitiki. Mama anachukua kadi ya kliniki. Mzee amefika, anaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto na kuomba huku mama anafunga mbeleko. Mbeleko ikikazwa, amina. Hicho ndicho kipimo chetu cha urefu wa maombi ya nyumbani: muda wa kufunga mbeleko.

Pamoja na degedege, waombaji wote wajue dalili nyingine za hatari ambazo zikionekana hakuna kusubiri asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, au amelegea na haamki vizuri. Moja tu ikitokea, inatosha kuondoka.

Kituoni wanapima. Malaria ipo, sukari imeshuka, na mtoto bado hajaamka sawasawa. Hiyo ni malaria kali, na dawa yake ni sindano ya atesuneti. Anapewa ya kwanza palepale, ya pili saa 12 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu saa 24 baada ya ile ile ya kwanza, ndipo wanaangalia kama anaweza kumeza. Gari la wagonjwa linampeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure. Akihitaji damu na wataalamu zaidi, huenda akapandishwa Bugando. Kwa kanisa lenye hofu, majina haya mawili yanatisha. Watu husema "wakikupandisha Bugando ujue imeisha". Waeleze kwamba wanaopelekwa huko ni wale waliozidiwa, kwa hiyo ni lazima mtasikia vifo vingi kutoka huko kuliko kutoka zahanati.

Wakati huu wote waombaji wanafanya nini? Wana kazi kubwa, tena ya kina kuliko kelele za sebuleni. Msindikizaji anawatumia ujumbe mfupi, nao wanaombea jambo lililo mbele kwa saa hiyo. Mtoto aliyeishiwa maji mishipa yake hujificha, na muuguzi anaweza kutoboa mara tatu asiipate. Ombea mshipa uonekane. Ombea damu ya kundi lake ipatikane, na kama nawe una afya, nenda kachangie. Ombea mkono wa muuguzi wa zamu ambaye ana watoto wengine kumi na hajala. Mama mmoja aliniambia kwamba hajawahi kuombewa vizuri kama usiku ule alipokuwa kwenye benchi, akiona ujumbe ukiingia: "Tumeambiwa mshipa umepatikana, sasa tunaombea sukari."

Vidonge vya siku tatu na ushuhuda wa Jumapili

Mtoto akianza kumeza, anapewa dawa mseto ya malaria kwa siku tatu kamili. Kwa kilo 12 ni kidonge kimoja kila mara, mara sita. Cha pili hufuata saa 8 baada ya cha kwanza, vinavyobaki ni asubuhi na jioni. Kimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au uji wenye karanga, kwa sababu dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikikutana na mafuta. Akitapika kabla ya nusu saa, apewe kidonge kingine, na mama arudi kituoni kuchukua cha kufidia.

Siku ya pili mtoto amechangamka, na hapa kanisa lenyewe linaweza kuharibu. Mtu atasema amepona, dawa ya nini tena, kuendelea ni kumtilia Mungu shaka. Vijidudu vilivyobaki havijui kwamba tumetoa ushuhuda. Kwa hiyo tumeweka kanuni: ushuhuda wa uponyaji hautolewi kabla dozi haijaisha, na haukamiliki bila kurudi kupimwa. Wanaoona kanuni hiyo inapunguza imani, wasomee Luka 17. Wale wenye ukoma kumi, Bwana aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani wa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kutamka kama mtu ametakasika. Aliyewaponya ndiye aliyewatuma kukaguliwa.

Kuna mtego mmoja kwenye kurudi kupimwa. Kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wa pili kwa wiki kadhaa baada ya malaria kuisha, kwa sababu kinanusa mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Msije mkasema dawa imeshindwa, wala maombi yameshindwa. Omba apimwe kwa darubini. Na mtoto aliyechomwa atesuneti aangaliwe kwa mwezi mzima: wachache hupungukiwa damu baadaye, wiki moja au zaidi baada ya kutoka. Akipauka viganja na midomo, akichoka bila sababu au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, arudishwe siku hiyo hiyo.

Kanuni hiyo ya ushuhuda inawahusu pia wenye dawa za maisha, za virusi, za kisukari, za presha, za kifafa. Wazee wetu wanaikumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Walikuwepo walioacha dawa zao za virusi waliporudi, kwa kuwa walijisikia wazima. Muumini akisema ameponywa, furahi naye, umsindikize kliniki akiwa bado anameza, na anayemwachisha dawa awe yule aliyemwanzishia. Na habari za ugonjwa wa mtu zisitajwe madhabahuni bila yeye kuruhusu. Mfungo nao usiwekwe kwa mtoto mgonjwa, mama mjamzito, wala mtu anayemeza dawa zinazohitaji chakula. Wengine watafunga kwa ajili yao.

Akifariki hospitalini

Siku hiyo itakuja, hata mkifanya yote. Lifundishe hili kabla halijatokea, kwa sababu likitokea wenye shaka watasema, "Si tuliwaambia?" na mama atasikia.

Mchungaji afike msibani siku hiyo hiyo. Asiseme imani ilipungua, ya mama wala ya kanisa. Asiseme pia kwamba mngewahi angepona, hata kama anaamini hivyo. Matanga si mahali pa kuhesabu saa. Yule msindikizaji aliyekuwa hospitali amwulize tabibu kabla ya kuondoka mtoto alikuwa na nini, na aandike kwa Kiswahili cha kawaida. Karatasi hiyo akabidhiwe baba na mama. Bila jina la ugonjwa, familia itatafuta jina la mtu, na huku kwetu mara nyingi jina hilo huwa la bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

Baada ya arobaini, wazazi wakiwa tayari, kaeni nao na kikundi cha maombezi mpitie usiku ule hatua kwa hatua: homa ilianza lini, simu ilipigwa saa ngapi, bodaboda ilifika saa ngapi, mlango wa kituo ulifunguliwa saa ngapi. Mahali palipochelewa parekebishwe. Sisi tuligundua kwamba dereva tuliyepatana naye huzima simu akilala. Sasa tuna wawili, na wa pili analala nyumba ya tatu kutoka kanisani.